Majira ya kwanza ya baridi Glasgow: mavazi, mita ya gesi na mchana wa saa saba

Watu wengi wanaotoka Afrika Mashariki kuja Glasgow hufika Septemba, vyuo vinapofunguliwa. Wakati huo hali bado inavumilika: nyuzi 14 au 15 mchana, jua linazama saa moja na nusu jioni, na jaketi la kawaida linatosha. Kwa sababu hiyo Novemba huwakuta hawajajiandaa. Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo: amepanga fleti ya zamani yenye dari ndefu, nyumba inapashwa moto kwa gesi, mita ni ya kulipia kabla, na mshahara wake wa kulea wazee au posho yake ya chuo imeshapangiwa matumizi yote.

Jua kwanza unapambana na nini. Theluji hapa huanguka mara chache na mara nyingi haikai. Mwezi wa Januari joto hucheza kati ya nyuzi 1 na 7, mvua ni ya rasharasha isiyokatika, na upepo wa kutoka baharini haupumziki. Aliyekulia Makete au Limuru hataishangaa sana baridi yenyewe. Kitakachomsumbua ni kukaa nayo miezi mitano huku nguo, viatu na hata kuta za chumba vikiwa na unyevu. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inahusu kukaa mkavu kabla ya kuhusu kupata joto.

Hatua ya kwanza: mavazi, kabla ya Oktoba kwisha

Usianze na koti kubwa. Anza na nguo inayogusa ngozi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Fulana ya pamba hunyonya jasho na haiachii. Ukipanda mlima wa kwenda kituo cha basi unatoka jasho, ukisimama dakika kumi kungoja basi lile jasho linapoa mgongoni, na unatetemeka ndani ya koti la bei mbaya. Nunua fulana mbili za mikono mirefu na suruali mbili za ndani za kubana, ziwe za sufu ya merino kama mfuko unaruhusu, au za poliesta. Mbili zinatosha, kwa kuwa poliesta ikifuliwa usiku asubuhi imekauka.

Juu yake vaa kitu cha kutunza joto: sweta la sufu au jaketi la manyoya ya poliesta, lile laini ambalo mafundi na madereva wa huku huvaa. Halafu la nje. Kazi ya jaketi la nje ni kuzuia upepo na mvua tu, si lazima liwe zito. Muuzaji atakuambia halipiti maji, lakini usimsikilize. Ligeuze ndani nje uangalie mishono: kama imefunikwa kwa utepe mwembamba wa plastiki ulioyeyushwa juu ya uzi, hilo ni jaketi la mvua. Kama unaona uzi mtupu, litavuja mabegani baada ya robo saa. Hakikisha lina kofia inayokaza kwa kamba, kwa sababu mwavuli Glasgow hugeuzwa na upepo na mwisho wake ni pipa la taka.

Viatu vinastahili pesa nyingi kuliko jaketi. Chukua buti zisizopitisha maji zenye soli ya mpira yenye meno, saizi iliyozidi ya kawaida kwa nusu, ili soksi nene ienee na vidole vicheze. Kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu usiopata damu haupati joto hata ukivaa soksi tatu. Ukiona vidole vya miguu vinawasha, vimevimba na vimegeuka rangi ya zambarau au vimekuwa vyeusi kuliko kawaida yake, mara nyingi ni matokeo ya kuvipasha haraka baada ya kupigwa baridi. Ukirudi nyumbani miguu imekufa ganzi, usiiegemeze kwenye chuma cha moto wala kuitumbukiza kwenye maji ya moto. Vua soksi zilizolowa, kausha, vaa kavu, na uiache irudi taratibu.

Mengi ya haya unaweza kuyapata bila kuingia duka la bei ghali. Maduka ya hisani yapo mengi, hasa upande wa magharibi wa jiji kuzunguka Byres Road na Dumbarton Road, na jaketi zuri hupatikana kwa pauni 15 au 20. Sisi tuliozoea kuchambua mitumba tuna jicho la kazi hii, na kwa kweli sehemu ya nguo zisizonunuliwa katika maduka ya namna hii ndizo zinazofungwa marobota na kusafirishwa hadi masoko kama Gikomba na Karume. Nenda mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya wengine kushtuka. Viatu na nguo za ndani nunua vipya.

Hatua ya pili: mita, siku ile ile unayopewa funguo

Kabla hujafungua mabegi, piga picha mita zote mbili, ya gesi na ya umeme, namba zionekane vizuri. Halafu mpigie simu msambazaji wa nishati wa nyumba hiyo, mwambie tarehe uliyoingia na umsomee namba. Kama mita ni za kulipia kabla, usiweke pesa kabla ya simu hiyo. Mpangaji aliyetoka anaweza kuwa ameacha deni ndani ya mita, na pesa yako ya kwanza italiwa na deni la mtu usiyemjua. Ukipiga simu mapema deni hilo hufutwa, na unapewa ufunguo wa umeme na kadi ya gesi, vya kuongezea pesa kwenye mita, kwa jina lako.

Aliyezoea LUKU au tokeni za KPLC ataielewa mita hii haraka, ila kuna tofauti moja inayowaumiza wageni. Hapa kuna ada ya kila siku, na inakatwa hata usipowasha chochote. Kwa umeme ni zaidi ya nusu pauni kwa siku, kwa gesi ni kama theluthi ya pauni. Mtu akiona hali imekuwa nzuri Mei akaacha kuweka gesi hadi Oktoba, ada hiyo hujikusanya kama deni. Siku ya kwanza ya baridi anaweka pauni 20, mita inazimeza, na nyumba inabaki baridi.

Sasa hesabu yenyewe. Bei ya juu inayoruhusiwa hupangwa na mdhibiti anayeitwa Ofgem na hubadilika kila baada ya miezi mitatu, lakini uwiano wake hubaki karibu ule ule: yuniti ya umeme ni kama peni 26, ya gesi ni kama peni 6. Yaani umeme ni mara nne ya gesi. Tuseme unarudi kazini saa kumi na moja jioni, unachomeka hita ya umeme ya kilowati 2 chumbani, unaizima saa nne usiku. Ni saa tano, yuniti 10, pauni 2 na peni 60. Kwa mwezi ni pauni 78, na umepasha chumba kimoja. Joto hilo hilo likitoka kwenye boila ya gesi, mtambo unaochemsha maji ya kupasha nyumba na kupoteza kidogo njiani, litakula yuniti 11 hivi, yaani peni 66 kwa siku, karibu pauni 20 kwa mwezi. Nimeona watu wanaogopa boila kwa kuwa hawaijui, wakakaa na kihita cha kuchomeka wakidhani wanabana matumizi. Kihita kidogo ndicho kinachowamaliza.

Kwa hiyo jifunze boila. Joto lake hupita kwenye rejeta, vile vyuma bapa vilivyofungwa ukutani, ambavyo hufanya kazi kwa maji ya moto yanayozunguka ndani. Kila rejeta ina kitasa chenye namba 1 hadi 5. Weka 3 katika chumba unachokaa, 1 katika chumba usichotumia, na ufunge mlango kati yao. Thamostati ya ukutani, inayoamua joto la nyumba, iweke kati ya nyuzi 18 na 20. Kuipandisha hadi 28 hakuharakishi joto hata kidogo. Boila inafanya kazi kwa nguvu ile ile, tofauti ni kwamba haitajua kusimama. Weka saa yake ijiwashe nusu saa kabla hujaamka na tena nusu saa kabla hujarudi.

Rejeta ikiwa ya moto chini na baridi juu, ina hewa ndani. Zima boila, subiri ipoe, weka kitambaa chini ya tundu dogo la pembeni juu, na ufungue kwa ufunguo mdogo wa mraba unaouzwa duka la vifaa vya ujenzi kwa pauni moja au mbili. Utasikia hewa inatoka kwa sauti ya nyoka. Maji yakianza kudondoka, funga. Kisha angalia mshale wa shinikizo kwenye boila. Ukiwa umepoa unapaswa kusimama kati ya 1 na 1.5. Ukiwa chini ya 1 au boila ikikataa kuwaka, mwite mwenye nyumba, tena kwa maandishi yenye tarehe. Uskoti sheria inamlazimu mwenye nyumba kuhakikisha mfumo wa joto unafanya kazi. Akikaidi, kuna baraza la nyumba linalosikiliza malalamiko ya wapangaji binafsi, na mpangaji halipii kuwasilisha shauri lake.

Fleti nyingine hazina gesi kabisa. Kama kwako kuna masanduku mazito ya ukutani yenye vitasa viwili, hayo yana matofali ndani yanayochajiwa usiku kwa umeme wa bei nafuu na kuachia joto mchana. Kitasa kimoja huamua yanywe joto kiasi gani usiku, kingine huamua yaachie kiasi gani. Cha kuachia kifunge kabla ya kulala, la sivyo joto lote litaisha alfajiri nawe utabaki na hita ya kuchomeka kwa bei ya mchana.

Usiku pasha kitanda, acha chumba kipoe. Blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka hutumia wati 100 hivi. Hata likikaa saa nane kwa nguvu zote halifikishi peni 25, na wewe unalihitaji nusu saa tu kabla ya kupanda kitandani. Sijaona pauni 30 inayolipa haraka kama hiyo.

Hili nalisema kwa uzito wote: usiwashe jiko la mkaa ndani, hata dirisha likiwa wazi, hata likiwa limeshika na halitoi moshi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi mzito, na mtu aliyelala hazioni. Tangu Februari 2022 nyumba zote za Uskoti zenye boila ya gesi au moto wa kuni zinatakiwa kuwa na king'ora cha hewa hiyo. Bonyeza kitufe chake ukiingia. Kisipolia, dai kingine.

Mita ikikuishia, kuna salio la dharura la pauni 5 hadi 10 ambalo utalirudisha ukiongeza pesa. Makampuni mengi pia hayakati huduma salio likiisha usiku au mwishoni mwa juma. Ukiona mwezi huu hutaweza, piga simu kwa msambazaji kabla ya kuishiwa, siyo baada. Anawajibika kukupangia namna ya kulipa.

Hatua ya tatu: toa unyevu nje

Desemba ikiingia utaona maji yanachuruzika kwenye kioo cha dirisha asubuhi. Baada ya wiki chache, pembe ya ukuta nyuma ya kabati inaota madoadoa meusi, na koti ulilolitundika hapo linanuka. Hiyo ni kuvu, na hukohoza watoto na wenye pumu.

Chanzo chake mara nyingi ni sisi wenyewe na nguo tunazoanika chumbani. Nguo za mzunguko mmoja wa mashine hutoka na lita moja au mbili za maji, na maji hayo yakikaukia juu ya rejeta yanahamia ukutani. Maharage yanayochemka saa mbili bila kifuniko hufanya vivyo hivyo. Anika bafuni, mlango umefungwa na feni inavuta au dirisha limefunguliwa kidogo. Funika sufuria. Kila asubuhi futa vioo kwa kitambaa ukikamulie sinki, halafu fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika kumi. Joto la kuta halitoki kwa dakika kumi, ni hewa nzito tu inayotoka, na hewa kavu hupashwa kwa gesi pungufu kuliko hewa yenye unyevu. Sogeza kabati na kitanda viachane na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja.

Kipima unyevu cha pauni 5 kitakuambia kama unafanikiwa. Kikisoma kati ya 40 na 60 uko salama. Kikipita 70 siku nzima licha ya hayo yote, huenda ukuta wenyewe unavuja au paa limechoka, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Piga picha ziwe ushahidi.

Hatua ya nne: upangie mwanga ratiba

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja. Kuanzia siku hiyo Glasgow iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tatu, na jioni inaporomoka ghafla. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama saa kumi kasoro robo alasiri. Ni saa saba tu za mchana, na siku nyingi jua lenyewe halionekani. Muislamu atakuta Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zimeingia ndani ya saa nne, na akiwa kazini lazima aombe mapumziko mapema.

Mwili hutambua asubuhi kwa mwanga unaoingia machoni. Ukikosa, usingizi huvurugika na moyo huwa mzito. Taa ya ofisini hutoa mwanga wa lux 300 hadi 500. Nje, hata chini ya wingu la Desemba, adhuhuri unaweza kupata zaidi ya lux 1,000. Ndiyo maana kukaa karibu na dirisha hakufikii kutoka nje.

Kwa anayefanya kazi mchana, mapumziko ya chakula yawe ya kutembea nje dakika 20 au 30, kunyeshe kusinyeshe. Njia inayodumu ni kuunganisha na simu ya nyumbani. Saa sita mchana Glasgow ni saa tisa alasiri kwao, wakati mzuri wa kumpata mama kabla hajaingia jikoni. Simu ya usiku kitandani haikupi mwanga na inakuibia usingizi.

Anayelea wazee zamu ya usiku ndiye aliye hatarini zaidi. Anatoka saa mbili asubuhi bado giza, analala saa nne, anaamka saa kumi giza limerudi, na anaweza kumaliza wiki nzima bila kuona mchana. Mpango unaofaa ni huu: fika nyumbani, kula kidogo, lala saa tatu asubuhi, pazia zito limefungwa. Weka kengele saa nane mchana, utoke nje hadi saa tisa na nusu. Rudi, pika, lala tena kwa muda wa saa moja na nusu jioni kabla ya kwenda kazini. Usingizi umegawanywa vipande viwili lakini mchana umeupata.

Kuna taa maalumu za lux 10,000. Huwekwa mezani umbali ulioandikwa kwenye maelekezo yake, kidogo pembeni ya macho, dakika 20 hadi 30 mara tu baada ya kuamka, wakati unakunywa chai. Jioni usiitumie, itakunyima usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha, amuulize daktari kwanza.

Vitamini D usiifanyie mzaha. Kati ya Oktoba na Machi jua la huku halina nguvu ya kuitengeneza kwenye ngozi. Ushauri wa NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, ni mikrogramu 10 kwa siku, ambazo kwenye chupa huandikwa pia 400 IU, na watu wenye ngozi nyeusi wanashauriwa wafikirie kuzimeza mwaka mzima. Chupa ya miezi mitatu haizidi pauni chache. Usizidishe dozi ukidhani itafanya kazi haraka.

Hatua ya tano: moyo ukianza kuelemewa

Kuwakumbuka nyumbani ni kawaida, na hupungua ukipata mtu wa kula naye pilau Jumamosi. Kinachohitaji tahadhari ni hali inayokaa wiki mbili au zaidi: unalala kwa muda wa saa kumi na bado huamki, unatamani wali na mkate tu siku nzima, hupokei simu za watu unaowapenda, kazi uliyokuwa unaimudu inakushinda. Huu ni mfadhaiko unaofuata majira. Unatambulika hospitalini na unatibika kwa mwanga, mazungumzo na wakati mwingine dawa. Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Sali na uende kwa daktari pia.

Ndiyo maana ujiandikishe kwa daktari wa mtaa wako Septemba, ukiwa mzima. Kujiandikisha ni bure, na Uskoti dawa za cheti cha daktari hazilipiwi. Ukifika, eleza kwa maneno ya vitendo: nalala saa ngapi, nakula nini, mara ngapi nimekosa kazi. Wengi wetu hujibu "sijambo" kwa mazoea, na daktari huandika hivyo hivyo. Unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo unapopanga miadi.

Usiku au wikiendi piga 111, simu ya NHS. Kwa mtu wa kuongea naye tu, Breathing Space ni 0800 83 85 87, na Samaritans wapo saa zote kwa 116 123, bure. Ukianza kuwaza kujidhuru, au ukimsikia mwenzako akisema hivyo hata kwa utani, usingoje miadi: piga 999 au mpeleke hospitali, na usimwache peke yake.

Mwishoni mwa Januari mchana unakuwa umeongezeka kwa zaidi ya saa moja, ingawa Februari bado huwa na barafu ya kuteleza asubuhi, ile nyembamba isiyoonekana juu ya lami. Tembea hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Endelea na taa na matembezi hadi saa zitakaposogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sweta zifue, zikauke kabisa, uzifunge kwenye mfuko ili nondo wasizile. Na kadi ya gesi iendelee kupata pauni 10 kila mwezi majira yote ya joto, ili ada ya kila siku isikungoje Oktoba.